Muhtasari wa Ukurasa Mmoja wa Kuombea Mtaji wa Uendeshaji wa Kiwanda Kidogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya mwenye kiwanda kidogo ambaye ana oda mkononi lakini hana fedha ya kutosha kununulia malighafi, na ambaye ameambiwa na mkopeshaji alete kwanza ukurasa mmoja tu. Mfano mmoja unafuatwa tangu mwanzo hadi mwisho: kiwanda kinachokata, kuchapa na kukunja katoni za kadibodi kwa ajili ya viwanda vingine. Tarakimu zote ni za mfano na hazikuwekewa sarafu, kwa sababu njia ya kukokotoa haibadiliki kwa kubadilika kwa sarafu.

Anayeusoma ukurasa huu anatafuta nini hasa?

Anatafuta safari ya fedha yake. Anataka kujua itaingia katika kitu gani, itakaa humo siku ngapi, na itarudi kwake kupitia mlango upi. Historia ya kiwanda, dira na picha za mashine zina mahali pake, lakini mahali hapo si katika ukurasa huu. Soko, matumizi ya fedha na marejesho, ambavyo ndivyo vichwa vitatu vya kawaida, si mada tatu zilizotengana: soko linaeleza fedha itatoka kwa nani na lini, matumizi yanaeleza itafungwa wapi kwa muda huo, na marejesho yanaeleza ni sehemu gani ya fedha hiyo inayoweza kuondolewa bila kiwanda kusimama. Ukurasa ambao vichwa vyake vitatu havizungumzi juu ya fedha ileile huonekana mara moja, hata kama kila kichwa kimeandikwa vizuri.

Sentensi ya kwanza iseme nini?

Iseme ombi lenyewe, lote, kabla ya jambo jingine lolote. Katika mfano wetu ingesomeka hivi:

> Tunaomba mkopo wa milioni 7 kwa miezi 12, ukiwa na kipindi cha neema cha miezi 4 ambapo tutalipa riba pekee, ili tununue kadibodi kwa ajili ya oda mpya ya katoni yenye thamani ya milioni 4 kwa mwezi. Mwenye kiwanda anaweka milioni 2 za kwake.

Sentensi ni ndefu, lakini msomaji akiishia hapo tayari ana kiasi, muda, kazi ya fedha, chanzo cha mapato na mchango wa mwombaji. Kila tarakimu iliyomo itabidi itetewe katika mistari inayofuata. Usiandike kwamba unaomba «kati ya milioni 5 na 10». Anayetaja mpaka wa chini na wa juu ulioachana hivyo anakiri kwamba hajapiga hesabu.

Kiasi cha kuomba kinapatikanaje?

Kinapatikana kwa kufuata siku ambazo fedha inakaa nje, wala si kwa kukadiria asilimia fulani ya mauzo. Tuchukue oda yetu ya milioni 4 kwa mwezi. Ili kuitimiza, kiwanda kinahitaji kadibodi, wino na gundi vya milioni 2.4, pamoja na ujira na umeme wa 600,000. Jumla ni milioni 3 zinazotoka kila mwezi, na ziada ni milioni 1. Gharama za kudumu, kama kodi ya pango na mshahara wa mhasibu, hazikuongezeka kwa sababu ya oda hii, kwa hiyo hazihesabiwi hapa.

Sasa fuata kalenda. Msambazaji wa kadibodi anataka malipo taslimu mwanzoni mwa mwezi. Katoni zinatengenezwa ndani ya mwezi huo na kukabidhiwa mwishoni mwake, wakati ambapo ujira na umeme pia hulipwa. Mteja mpya, kwa mujibu wa oda yake, analipa siku 60 baada ya kupokea mzigo. Maana yake ni kwamba mzigo wa mwezi wa kwanza unalipwa mwishoni mwa mwezi wa tatu, na kabla ya siku hiyo kiwanda kimekwisha kununua malighafi mara tatu na kulipa ujira mara tatu. Mara tatu ya milioni 3 ni milioni 9. Hicho ndicho kilele cha mahitaji, na ndicho kiasi ambacho lazima kipatikane kutoka mahali fulani: milioni 7 za mkopo na milioni 2 za mwenye kiwanda.

Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko mengine ni kuomba gharama ya mwezi mmoja, yaani milioni 3, kwa hoja kwamba «mzunguko ukishaanza utajiendesha». Mzunguko huo hauwezi kujiendesha mpaka mteja wa kwanza alipe. Aliyeomba milioni 3 atafika mwanzoni mwa mwezi wa pili akiwa na ghala tupu, oda nzuri na ankara ambayo haijaiva, na hapo atakopa tena kwa masharti magumu zaidi.

Je, inatosha kuandika kwamba mkopo utalipwa kutokana na mauzo ya oda hii?

Haitoshi, na swali hili linastahili jibu refu kwa sababu ndipo kurasa nyingi zinapoanguka.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu mteja analipa milioni 4. Fedha hiyo inaonekana kama marejesho ya mkopo, lakini siku chache baadaye kiwanda kinatakiwa kununua kadibodi ya mwezi wa nne kwa milioni 2.4, na mwisho wa mwezi huo kulipa ujira na umeme wa 600,000. Kati ya milioni 4 zilizoingia, milioni 3 zimekwisha kuitwa na mzigo unaofuata. Kilichobaki huru ni milioni 1 tu, yaani ziada. Mwenye kiwanda akizitoa zote nne kumlipa mkopeshaji, atakuwa amelipa sehemu kubwa ya deni kwa kuiua oda iliyokuwa ilipe sehemu iliyobaki.

Hii ndiyo tofauti kati ya oda ya mara moja na oda inayoendelea, na ukurasa lazima useme wazi ni ipi kati ya hizo. Kama mteja angetaka mizigo mitatu tu na kuishia hapo, kiwanda kingetumia milioni 9, kingepokea milioni 12 kufikia mwisho wa mwezi wa tano, na kwa kuwa hakuna ununuzi mwingine, mkopo wote ungelipwa kwa makusanyo yenyewe. Huo ni mkopo unaojilipa. Lakini oda inayoendelea mwezi baada ya mwezi haiachilii mtaji, inaushikilia. Mkopo wake hulipwa kwa ziada, kidogo kidogo, na muda wake lazima uwe mrefu kiasi cha kuendana na ziada hiyo.

Katika mfano wetu, kilele cha upungufu kinashuka kwa milioni 1 kila mwezi: ni milioni 9 mwishoni mwa mwezi wa tatu, milioni 8 mwishoni mwa mwezi wa nne, na kinaendelea hivyo mpaka kufika sifuri mwezi wa 12. Ndiyo maana ombi ni la miezi 12. Mtu akiomba mkopo uleule kwa miezi 6, hesabu yake mwenyewe inamsuta, na mkopeshaji makini hahitaji zaidi ya dakika kumi kuligundua hilo.

Basi sentensi ya marejesho isomeke hivi: «Marejesho yatatokana na ziada ya milioni 1 kwa mwezi kutoka katika oda hii, ikisaidiwa na ziada ya milioni 1 kwa mwezi ambayo biashara ya sasa inabakiza baada ya gharama zote, kodi na fedha anayojilipa mwenye kiwanda.» Maneno ya mwisho kuhusu fedha anayojilipa mwenye kiwanda yasiachwe. Viwanda vingi vidogo huonyesha ziada nono kwa sababu tu mwenyewe hakujihesabu, ilhali nyumbani kwake kunaendeshwa kwa fedha hiyohiyo.

Sehemu ya soko iandikweje ikiwa nafasi ni mistari sita au saba?

Iandikwe kwa wateja wenye majina katika vitabu vyako, wala si kwa ukubwa wa soko la nchi nzima. Mkopeshaji wa mtaji wa uendeshaji hanunui hisa. Hafaidiki na soko likikua mara kumi baada ya miaka mitano. Linalomhusu ni nani atakayelipa ankara katika miezi 12 ijayo. Kwa hiyo mambo manne yanatosha: wateja ni wangapi na wa aina gani, wananunua kiasi gani kwa mwezi, wanalipa baada ya siku ngapi, na kwa nini wananunua kwako badala ya kwa kiwanda kikubwa. Hili la mwisho lijibiwe kwa tendo linaloweza kuthibitishwa, kwa mfano: «Tunapokea oda ya katoni 500 na kuikabidhi ndani ya siku 5, ilhali viwanda vikubwa vinavyotuzunguka havipokei oda ndogo kiasi hicho.»

Jihadhari na siku za malipo, kwa kuwa hapo ndipo ukurasa unapopingana na vitabu vyako mwenyewe. Tuseme umeandika kwamba wateja wako wa sasa hulipa ndani ya siku 30. Mauzo yako ya mkopo ni milioni 12 kwa mwezi, na orodha ya wadaiwa uliyoambatisha inaonyesha jumla ya milioni 16. Mkopeshaji atagawanya 16 kwa 12 na kuzidisha kwa 30, atapata 40. Wateja wako, kwa wastani, hulipa baada ya siku 40. Siku 30 ni za kwenye ankara. 40 ni za kwenye maisha. Afadhali uandike 40 mwenyewe kuliko kusubiri agundue, kwa sababu akishagundua ataanza kuzitilia shaka hata tarakimu zilizo sahihi.

Jambo hilo linagusa pia oda mpya. Ikiwa wateja wa siku 30 hulipa siku ya 40, mteja wa siku 60 hawezi kudhaniwa kuwa atalipa siku ya 60 kamili.

Nina mteja mmoja mkubwa tu nyuma ya ombi hili. Nimtaje au nimfiche?

Mtaje, na utaje pia uzito wake. Kiwanda chetu kina wateja 11, na mkubwa wao ananunua milioni 2.4 kati ya milioni 12 za mwezi, yaani sehemu moja ya tano. Mteja mpya akiingia, mauzo yatakuwa milioni 16 na yeye peke yake atabeba robo. Robo si jambo la kutisha, ila lazima ukurasa uonyeshe kwamba mwenye kiwanda ameiona. Mstari mmoja unatosha: kadibodi inayonunuliwa ni ya kipimo cha kawaida, kwa hiyo oda ikikatwa, malighafi iliyoko ghalani itatumika kwa wateja wengine. Ingekuwa kadibodi ya kipimo maalumu kinachofaa katoni za mteja huyo tu, au ingekuwa imekwisha kuchapwa nembo yake, jibu lingekuwa tofauti kabisa, na mkopeshaji angekuwa na haki ya kutaka malipo ya awali kutoka kwa mteja.

Oda ya mdomo, hata ikitoka kwa mtu mwaminifu, usiiite oda. Iite mazungumzo, kisha omba mkopo baada ya kupata hati.

Sehemu ya matumizi ya fedha iwe na undani kiasi gani?

Iwe na undani unaoweza kulinganishwa na ankara ya msambazaji. Kwa mfano wetu, mistari mitatu ingetosha:

> Kadibodi, wino na gundi kwa mizigo mitatu ya kwanza: milioni 7.2
> Ujira na umeme wa miezi mitatu ya kwanza: milioni 1.8
> Jumla: milioni 9, ambapo milioni 7 za mkopo zitalipwa moja kwa moja kwa msambazaji wa kadibodi, na milioni 2 za mwenye kiwanda zitamaliza malipo ya malighafi (200,000) na kulipa ujira na umeme (milioni 1.8)

Tazama jinsi mgawanyo ulivyopangwa. Mkopo wote unaingia katika malighafi, ambayo mkopeshaji anaweza kuilipia mwenyewe kwa msambazaji, kwa awamu, na kuja kuihesabu ghalani. Ujira na umeme, ambavyo vikishalipwa haviachi kitu cha kuhesabika, vinabebwa na mwenye kiwanda. Hesabu ni ileile hata ungepanga kinyume, lakini wasiwasi wa mkopeshaji haungekuwa uleule.

Mstari unaoitwa «mengineyo» ufutwe. Kama kuna gharama usiyoijua bado, iite akiba na useme ni ya nini.

Mkopeshaji anayeifahamu kazi ya katoni atauliza pia juu ya vipande vinavyobaki baada ya kukata. Ikiwa katika kila kilo 100 za kadibodi kilo 8 huishia kuwa mabaki, hakikisha zimo ndani ya zile milioni 2.4, kwa maana hesabu iliyopigwa kwa eneo la katoni pekee huanza kupungukiwa tangu mzigo wa kwanza. Atauliza vilevile kama mashine inaweza kubeba oda hiyo. Jibu liwe la saa: mashine ya kukatia ina zamu ya saa 10 kwa siku, saa 6 zinatumika kwa mauzo ya milioni 12, na mauzo ya milioni 16 yatahitaji saa 8.

Je, naweza kuchomeka bei ya mashine ndogo humo humo?

Hapana. Mashine inarudisha fedha yake kwa miaka, na mkopo huu unarudi kwa miezi 12. Fedha ikishaingia kwenye chuma haitoki kwa wakati, na atakayeumia wa kwanza ni msambazaji wa kadibodi. Omba mkopo wa pili wenye muda wake.

Hali ni hiyohiyo kwa deni la zamani. Ikiwa sehemu ya fedha itakwenda kulipa deni jingine, hilo liandikwe waziwazi kama ombi la kubadilisha deni. Kulivika jina la mtaji wa uendeshaji ni jambo ambalo taarifa za benki za miezi sita zitalifichua.

Mteja akichelewa kulipa kwa mwezi mmoja, ukurasa uonyeshe nini?

Uonyeshe kwamba umelipigia hesabu, na hesabu yenyewe inashangaza mara ya kwanza unapoifanya. Mteja akilipa siku ya 90 badala ya 60, kiwanda kitanunua malighafi na kulipa ujira mara nne kabla ya kupokea chochote. Kilele kinapanda kutoka milioni 9 hadi milioni 12. Kuchelewa kwa siku 30 tu kunahitaji milioni 3 zaidi, ingawa hakuna mauzo yaliyopotea wala mteja aliyekataa kulipa.

Zitatoka wapi? Biashara ya sasa inabakiza milioni 1 kwa mwezi, hivyo katika miezi minne itakuwa imekusanya milioni 4. Ondoa riba ya miezi minne, ambayo tutaiona hapa chini kuwa 420,000, zinabaki milioni 3.58. Zinatosha kuziba pengo la milioni 3, na 580,000 zinabaki. Lakini angalia jambo moja: kama kipindi cha neema kingekuwa miezi mitatu, rejesho la kwanza la mkopo lingeangukia mwisho wa mwezi wa nne, siku ambayo zipo 580,000 tu. Rejesho hilo lingekuwa karibu 780,000, bila kuhesabu riba ambayo tumekwisha kuiondoa. Kiwanda chenye oda nzuri na faida halisi kingekosa kulipa rejesho lake la kwanza kabisa.

Hapo ndipo miezi minne ya neema ilipotoka. Haikuchaguliwa kwa sababu ni namba nzuri wala kwa sababu mwombaji anataka kupumua. Ni mwezi mmoja zaidi ya miezi mitatu inayopita kabla ya malipo ya kwanza ya mteja kuingia. Ukiweza kuandika sababu hiyo katika mstari mmoja, mkopeshaji hana haja ya kuikata.

Hesabu hiyohiyo inajibu swali la upande wa pili, kwa nini usiombe kiasi pungufu ya hicho kwa kuwa biashara ya sasa ina ziada. Ziada hiyo ipo kweli, ila ina kazi nyingine: ndiyo kinga ya kuchelewa. Ukiihesabu ndani ya milioni 9 huwezi kuihesabu tena kama akiba.

Marejesho na riba vionyeshweje bila kujaza jedwali?

Kwa rejesho kubwa kuliko yote na kwa jumla ya riba. Tuseme riba ni asilimia 1.5 kwa mwezi juu ya salio linalopungua. Katika miezi minne ya kwanza kiwanda kinalipa 105,000 kila mwezi, jumla 420,000. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa 12 kinalipa 875,000 za deni lenyewe kila mwezi pamoja na riba ya salio, kwa hiyo rejesho la mwezi wa tano, ambalo ndilo zito kuliko yote, ni 980,000. Jumla ya riba kwa mwaka ni 892,500.

Sasa weka rejesho hilo mbele ya fedha iliyopo. Ziada ya oda pekee ni milioni 1, inalifunika kwa shida. Ziada ya oda na ya biashara ya sasa kwa pamoja ni milioni 2, inalifunika mara mbili. Andika zote mbili. Mwombaji anayeandika ile ya pili tu anaonekana kuficha ya kwanza.

Kabla ya kuandika tarakimu yoyote, muulize mkopeshaji kama riba yake hukokotolewa juu ya salio linalopungua au juu ya mkopo wa mwanzo hadi mwisho. Asilimia 1.5 kwa mwezi juu ya milioni 7 zote kwa miezi 12 ni milioni 1.26, ingawa kwenye bango la tangazo asilimia ni ileile. Ada ya maombi na bima, kama zipo, ziingizwe pia, kwa sababu mara nyingi hukatwa kabla fedha haijakufikia: ukiomba milioni 7 na kupokea milioni 6.8, msambazaji wa kadibodi bado anataka zilezile milioni 7.

Niombe mkopo wa kawaida, ovadrafti, au niuze ankara?

Inategemea umbo la upungufu. Mfano wetu una upungufu unaoanza kwa kishindo na kupungua taratibu kwa mwaka mzima, na mkopo wa marejesho ya kila mwezi unaufaa. Ovadrafti, yaani ruhusa ya benki ya kutoa fedha zaidi ya zilizomo katika akaunti yako hadi ukomo fulani, inafaa zaidi pale upungufu unapopanda na kushuka ndani ya mwezi au msimu, kwani unalipa riba kwa siku ulizotumia tu. Udhaifu wake ni kwamba benki inaweza kuupunguza ukomo wake wakati ambapo fedha imo ndani ya kadibodi. Kuuza ankara, ambako mtu mwingine anakulipa sehemu kubwa ya ankara mara moja kisha anasubiri mteja, kunafupisha zile siku 60 zenyewe, lakini hakusaidii kununua malighafi ya mzigo wa kwanza, kwa kuwa siku hiyo ankara bado haijazaliwa.

Dhamana itajwe katika ukurasa?

Itajwe kwa mstari mmoja, mwishoni mwa marejesho: kitu gani, kinamilikiwa na nani, kinadaiwa na nani mwingine. Isitangulie. Ukurasa unaoanza na hati ya kiwanja unamwambia msomaji kwamba mwombaji mwenyewe haitegemei oda yake.

Viambatishwe vitu gani?

Hati ya oda iliyotiwa saini, makadirio ya bei kutoka kwa msambazaji wa malighafi yenye tarehe ya karibuni, orodha ya wadaiwa inayoonyesha kila deni lina siku ngapi, na taarifa za benki za miezi 6. Kila tarakimu iliyo katika ukurasa iweze kuonekana katika moja ya karatasi hizo. Tarakimu zisizo na karatasi, kama ziada ya milioni 1 ya biashara ya sasa, zionyeshwe kwa hesabu fupi nyuma ya ukurasa.

Ukurasa ukikaa mwezi mmoja kabla ya kujibiwa, bado unafaa?

Unafaa ikiwa bei ya malighafi haikubadilika. Ikipanda kwa asilimia 10, gharama ya malighafi ya mwezi inatoka milioni 2.4 hadi 2.64, ziada ya oda inashuka kutoka milioni 1 hadi 760,000, na rejesho la 980,000 halifunikwi tena na oda peke yake. Kilele nacho kinapanda kwa 720,000. Katika hali hiyo ukurasa wote, kuanzia sentensi ya kwanza, uandikwe upya, na kabla ya kuupeleka tena, mteja aulizwe kama bei ya katoni inaweza kufuata bei ya kadibodi.